Waogiek wa Mau na Swali la Nani ni Jamii Asilia

Mwezi Oktoba 2009 watu wanaoishi ndani ya msitu wa Mau, nchini Kenya, walipewa ilani na idara ya misitu: muwe mmeondoka katika siku 30. Ilani hiyo haikuchagua mtu. Iliwahusu walowezi waliohamia msituni miaka ya karibuni, wengine wakiwa na hati za ardhi walizopewa na serikali yenyewe. Iliwahusu pia Waogiek, ambao mababu zao walikuwa wakitundika mizinga ya nyuki katika miti ya Mau kabla nchi inayoitwa Kenya haijachorwa kwenye ramani. Kwa serikali wote walikuwa wamoja: watu waliokaa juu ya chanzo cha maji cha taifa na wanaopaswa kupisha.

Waogiek walikwenda kulalamika kwenye Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, nayo Tume ikaipeleka Kenya mbele ya Mahakama ya Afrika, ile yenye makao yake Arusha. Hukumu ilisomwa tarehe 26 Mei 2017. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama hiyo kuamua kesi ya jamii asilia, na kabla ya kugusa suala la ardhi majaji walilazimika kujibu swali ambalo serikali nyingi za Afrika zimelikwepa kwa miaka: katika bara ambalo karibu kila mtu ni mwenyeji, inakuwaje watu fulani waitwe wa asili kuliko wengine?

Hoja ya serikali ya Kenya haikuwa ya kubezwa. Ilisema Waogiek si watu wa pekee. Ni mchanganyiko wa watu wa makabila mbalimbali. Ikaongeza kwamba hata kama zamani walikuwa wawindaji na warina asali, leo wanalima, wanafuga, wanavaa kama majirani zao, na maisha yao si yale ya miaka ya 1930. Mtu yeyote aliyepita Narok au Nakuru angeweza kuitikia. Mwogiek ukimweka kando ya Mkipsigis au Mmaasai huwezi kuwatofautisha kwa sura wala kwa rangi. Lugha yao ya asili ni ya jamaa ya Kikalenjin, na wanaoizungumza wamebaki wachache.

Sasa tazama mahakama ilivyolichambua jambo hili, maana ndimo lilimo jibu. Haikupima damu, wala haikuhesabu vichwa. Ilianza kwa kukiri kwamba hakuna tafsiri moja ya jamii asilia inayokubaliwa duniani kote. Mkataba namba 169 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1989 una maelezo yake. Azimio la Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu wa Asili la mwaka 2007 halina tafsiri kabisa, na liliachwa hivyo kwa makusudi. Majaji wakachukua vigezo vilivyopendekezwa mwaka 1996 na Erika-Irene Daes, mwanasheria Mgiriki aliyeongoza kwa miaka mingi kikosi cha Umoja wa Mataifa kilichoshughulikia jamii hizi. Vigezo hivyo ni vinne, na vinasomwa kwa pamoja, kimoja kikitegemeza kingine.

Cha kwanza ni kutangulia. Hapa ndipo watu wengi hujikwaa, kwa sababu hufikiri swali ni nani alitangulia kufika Kenya, au Afrika. Swali ni dogo zaidi ya hapo: nani alitangulia kulikalia na kulitumia eneo hili mahususi? Kuhusu Mau jibu halikuwa gumu. Ripoti zilizowekwa mbele ya mahakama zilionyesha kwamba Waogiek wameutegemea msitu huo kwa karne nyingi kama makazi na riziki. Kila ukoo una sehemu yake ya msitu, inayojulikana mipaka yake, na kwa desturi yao sehemu hizo hupanda mlima kutoka chini hadi juu. Kuna sababu. Miti ya bondeni na ya mlimani haichanui kwa wakati mmoja, na nyuki hufuata maua. Ukoo wenye ardhi ya mwinuko mmoja tu ungerina msimu mmoja na kukaa njaa misimu mingine. Ndiyo maana Mwogiek aliyepewa ekari tano mahali pengine, hata ziwe na rutuba namna gani, hajafidiwa alichopoteza.

Kigezo cha pili ni utamaduni wa pekee ambao watu wenyewe wameamua kuuendeleza. Hapo ndipo serikali iliposhikilia hoja yake ya mabadiliko, na hapo ndipo mahakama ilipoikataa kwa maneno yanayofaa kukumbukwa hata nje ya Mau. Majaji walisema hakuna utamaduni unaosimama palepale. Mavazi hubadilika, vyombo hubadilika, na kubadilika huko hakuwafanyi watu wasiwe wao. Kinachodumu ni mambo yasiyoonekana kwa macho: namna watu wanavyojielewa, maadili yao, miiko yao, uhusiano wao na mahali. Ningeongeza swali ambalo majaji kwa heshima yao hawakuliuliza: ni kabila gani lingine nchini Kenya linalotakiwa kuvaa ngozi ili lithibitishe kuwa lipo? Mkikuyu mwenye simu ya kisasa bado ni Mkikuyu. Mwogiek mwenye shamba la viazi anaambiwa amekwisha.

Cha tatu ni kujitambua na kutambuliwa. Waogiek wanajiita Waogiek, na majirani zao, Wamaasai, Wakipsigis na Wanandi, wamekuwa wakiwahesabu kuwa watu wengine tangu zamani. Hili la kutambuliwa na majirani lina uzito kwa sababu linazuia udanganyifu. Kikundi kilichoundwa juzi ili kidai ardhi hakiwezi kuwafanya majirani wakumbuke jambo ambalo halikuwepo.

Kigezo cha nne, ambacho kwa maoni yangu ndicho kinachobeba mzigo mkubwa zaidi barani Afrika, ni historia ya kukandamizwa, kunyang'anywa na kutengwa. Mwaka 1932 serikali ya kikoloni iliunda tume ya ardhi chini ya Jaji Morris Carter ili kugawa maeneo ya makabila. Kila kabila lililotambuliwa lilipata hifadhi yake. Waogiek, ambao kwenye makaratasi ya wakoloni waliitwa Wadorobo, waliomba nao watambuliwe. Walikataliwa. Walionekana ni watu washenzi mno kustahili kuwa kabila, na ikapendekezwa wamezwe na kabila jirani wanalokaribiana nalo zaidi. Mfumo wote wa ardhi uliofuata, na baada ya uhuru ule uliorithiwa, ulijengwa juu ya orodha ya makabila ambayo Waogiek hawakuwamo. Msitu wao ukawa mali ya serikali, na wao wakawa wavamizi ndani yake.

Kwa vigezo hivyo vinne mahakama ikaamua kwamba Waogiek ni jamii asilia na wanastahili ulinzi wa pekee. Ikaikuta Kenya imevunja ibara saba za Mkataba wa Afrika, zikiwemo zinazohusu ardhi, dini, utamaduni na kutobaguliwa. Katika kipengele kimoja Waogiek walishindwa: majaji hawakukubali kwamba kufukuzwa msituni kulivunja haki ya kuishi kwa maana ya uhai wenyewe. Na ile hoja kwamba wanaharibu msitu? Mahakama ilisema serikali haikuleta ushahidi. Ripoti zilizokuwa mezani zilitaja wavamizi wengine, sehemu za msitu zilizokatwa na serikali ili kugawia watu, na vibali vya kukata miti vilivyotolewa bila busara.

Katika hesabu hiyo yote hukuona mahali popote ambapo rangi iliingia. Waogiek na waliowafukuza ni watu weusi vilevile, wengi wao wa jamaa moja ya lugha. Ukienda kaskazini mwa Norwei na Finlandi utakuta Wasami, wafugaji wa kulungu wa baridi na wavuvi, na ngozi yao ni nyeupe kama ya majirani zao. Nao ni jamii asilia bila ubishi. Nchini Finlandi, anayetaka kuandikishwa kupiga kura ya bunge la Wasami huulizwa kwanza iwapo anajiona Msami, kisha kuhusu lugha: je, yeye au mmoja wa wazee wake wa karibu alijifunza Kisami kuwa lugha ya kwanza?

Lakini mfano unaotenganisha rangi na uasilia kwa ukali zaidi uko Marekani. Wacherokee wa zamani walikuwa na watumwa weusi. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, mkataba wa mwaka 1866 kati ya Marekani na taifa la Wacherokee uliwapa watumwa walioachwa huru, pamoja na wazao wao, haki zote za Wacherokee wazaliwa. Mwaka 2007 Wacherokee walipiga kura kubadili katiba yao ili uraia uwe wa wenye damu ya Kihindi tu, na wazao wa watumwa wakatolewa. Mahakama ya shirikisho mjini Washington iliamua mwaka 2017 kwamba haki yao ya mwaka 1866 bado ipo, na mwaka 2021 mahakama kuu ya Wacherokee wenyewe ikayafuta maneno ya "kwa damu" kwenye sheria zao. Leo kuna raia wa taifa la Wacherokee ambao ukiwakuta barabarani utawaita Wamarekani weusi. Kwa jicho la rangi hilo ni kitendawili. Kwa jicho la sheria si tatizo, kwa sababu taifa la asili ni jumuiya ya kisiasa yenye mikataba, ardhi na uongozi wake. Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imeshalisema hilo mwaka 1974, ilipokubali upendeleo wa ajira kwa Wahindi katika ofisi inayosimamia mambo yao: upendeleo huo, ilisema, unatokana na uhusiano wa kisiasa, hautokani na mbari.

Idadi nayo ni kipimo kinachopotosha. Kweli jamii asilia nyingi ni ndogo, na ndiyo sababu watu huziweka kapu moja na makabila madogo. Chukua Wamakonde wa Kwale, pwani ya Kenya. Wazee wao walitoka Msumbiji enzi za ukoloni kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa. Walikaa Kenya miongo mingi bila vitambulisho, wakiishi kama wageni mahali walipozaliwa, hadi mwishoni mwa 2016 walipoanza kuandikishwa kuwa raia na kuhesabiwa kabila la 43. Hao ni wachache, na walionewa. Walichodai ni mlango: kuingizwa ndani ya taifa, kupata kitambulisho, kazi, shule, kura. Walipopata uraia, kiini cha dai lao kilikuwa kimejibiwa.

Mwogiek ana kitambulisho tangu zamani, na anapiga kura. Ukimpa haki zote alizopewa Mmakonde, dai lake lote linabaki, kwa sababu anadai msitu, na anaudai kwa pamoja na ukoo wake. Haki za walio wachache hubebwa zaidi na mtu mmoja mmoja, naye huenda nazo popote anapohamia. Haki za jamii asilia zimefungwa kwenye mahali. Mtu mmoja hawezi kuziuza, na hazihamishiki.

Upande wa pili wa hoja hiyo uko Grinilandi. Kisiwa hicho kina watu wapatao 56,000, na karibu tisa katika kila kumi ni Wainuiti. Nyumbani kwao wao ndio wengi, tena kwa mbali. Hata hivyo Denmaki, iliyokitawala kisiwa hicho tangu karne ya 18, ilipouridhia Mkataba namba 169 mwaka 1996, wao ndio walikuwa watu wa asili wanaozungumziwa. Wingi haukuwaondolea sifa hiyo, kwa kuwa maamuzi makubwa juu ya ardhi na maisha yao yalikuwa yakifanyika Kopenhageni. Kinachopimwa ni nani ameshika usukani.

Burundi inaonyesha kinachotokea mambo hayo yakichanganywa. Katiba ya mwaka 2005 ilipanga madaraka kwa hesabu: katika Bunge, asilimia 60 Wahutu na 40 Watutsi, na viti vitatu kwa Watwa, na vitatu vingine katika Seneti. Ni mpango wa walio wengi na walio wachache, na kwa nchi iliyotoka vitani una mantiki yake. Watwa walipata sauti bungeni. Lakini shida yao ya tangu enzi ilikuwa misitu waliyoipoteza na ardhi wasiyo nayo, na viti vitatu havikatiwi viwanja.

Kuna sababu nyingine iliyozifanya serikali za Afrika ziogope neno hili, na msomaji wa maziwa makuu ataielewa haraka. Wakoloni na wamisionari walifundisha kwamba Watutsi ni watu wa mbari nyingine waliotoka kaskazini, na Wahutu ndio wenyeji. Fundisho hilo lilikua likawa sumu. Mwaka 1992 mwanasiasa Leo Mugesera alisimama Kabaya, Rwanda, akawaambia watu kwamba Watutsi watarudishwa Ethiopia kwa njia ya mto Nyabarongo, na mwaka 1994 mito ikajaa maiti. Baada ya hapo Rwanda ilikataza siasa za kabila, na Watwa hawatajwi rasmi kwa jina lao. Wanaingizwa miongoni mwa waliobaki nyuma kihistoria.

Ukisikia mtu akisema "sisi wazawa, wale wageni," tafuta kwanza ni nani mwenye nguvu. Kauli hiyo ikitoka kwa kundi kubwa lililoshika dola au linaloitafuta, likiwalenga majirani ili wafukuzwe, haina uhusiano wowote na haki za jamii asilia, hata ikiazima maneno yake. Ndiyo maana wataalamu wa Tume ya Afrika, katika ripoti yao iliyopitishwa mwaka 2003, walisema wazi kwamba kila Mwafrika ana haki ya kujiona mwenyeji wa bara hili, na kwamba nani alifika kwanza si kiini cha jambo. Walitazama zaidi kama maisha ya kundi yanategemea ardhi yake ya jadi, kama utamaduni wake unadharauliwa kuwa wa nyuma, na kama linatawaliwa na wengine katika mambo ya msingi. Kwa kipimo hicho hakuna anayepewa ruhusa ya kumfukuza jirani.

Hofu haikuisha kwa ripoti. Azimio la Umoja wa Mataifa lilipokaribia kupigiwa kura mwishoni mwa 2006, nchi za Afrika ziliungana kuomba lisogezwe, zikiuliza tafsiri iko wapi na kama hakuna mlango wa kujitenga. Tume ya Afrika ikatoa maoni ya kisheria mwaka 2007 kuzituliza. Kura ilipopigwa tarehe 13 Septemba 2007, nchi 144 ziliunga mkono, 4 zikapinga, ambazo ni Marekani, Kanada, Australia na Nyuzilandi, na 11 zikajizuia. Tanzania ilisema ndiyo. Kenya na Burundi zilikuwa miongoni mwa zilizojizuia. Miaka kumi baadaye, katika kesi ya Mau, mahakama ililijibu suala la kujitenga: kundi ndani ya nchi linaweza kudai haki za watu chini ya Mkataba wa Afrika, mradi halitikisi mamlaka na mipaka ya nchi yenyewe.

Tanzania iliyosema ndiyo kule Niuyoki husema nyumbani kwamba Watanzania wote ni wa asili, wala haina orodha ya jamii asilia. Hata hivyo mwaka 2011, Wahadzabe wa bonde la Yaeda walipewa hati za kimila za kumiliki ardhi kwa pamoja, kwa kutumia Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, sheria ambayo haikutungwa kwa ajili yao. Nalitaja hili kwa sababu linaonyesha kwamba nchi inaweza kulikataa jina na bado ikatenda sehemu ya kazi. Kenya ilifanya kinyume chake. Katiba yake ya mwaka 2010 inazitaja jamii asilia kwa neno lake hasa, pale inapoeleza jamii zilizotengwa kuwa ni pamoja na zile zilizodumisha maisha ya uwindaji au uokotaji, na katika ibara ya 63 inahesabu ardhi za jadi za wawindaji na waokotaji kuwa ardhi ya jamii. Maneno yapo. Hati ndizo hazipo.

Tarehe 23 Juni 2022 Mahakama ya Afrika ilirudi kwenye kesi ya Mau na kuamua fidia. Iliiagiza Kenya ilipe shilingi za Kenya 57,850,000 kwa hasara ya mali na shilingi 100,000,000 kwa machungu waliyopata Waogiek, ziwekwe kwenye mfuko wa maendeleo ya jamii. Lililo kubwa zaidi, iliagiza ardhi ya jadi ipimwe kwa kushauriana na Waogiek, mipaka iwekwe, na hatimiliki ya pamoja itolewe. Novemba 2023, zaidi ya miezi 16 baada ya agizo hilo, nyumba za Waogiek zilibomolewa na wenyewe kufukuzwa huko Sasimwani, kaunti ya Narok, upande wa Mau ya Wamaasai, na sababu iliyotolewa ilikuwa ileile ya mwaka 2009: kulinda msitu.